Kukokotoa RSI kwa mkono, na kwa nini kuvuka 70 si amri ya kuuza

Maswali mawili hayaishi kwa wanaoanza kusoma chati. La kwanza: "RSI imefika 76, niuze?" La pili: "Nimekokotoa RSI kwenye Excel, mbona namba yangu haifanani na ya chati?" Yanaonekana hayahusiani, lakini yana mzizi mmoja. Anayeuliza anaiona RSI kama taa ya barabarani, nyekundu juu na kijani chini, na hajawahi kuifungua aone ndani mna nini. Ukishaikokotoa mwenyewe mara moja, hata kwa siku 17 tu, swali la pili linajibika palepale, na la kwanza utaanza kuliuliza kwa namna nyingine.

RSI, yaani faharasa ya nguvu linganifu, ni namba ya 0 hadi 100 inayopima mwendo wa bei. Kwa mazoea, ikiwa juu ya 70 soko huitwa "limenunuliwa kupita kiasi", na ikiwa chini ya 30 "limeuzwa kupita kiasi". Ilitolewa mwaka 1978 na J. Welles Wilder, Mmarekani aliyesomea uhandisi wa mitambo. Wakati ule hesabu ilifanywa kwa karatasi na kikokotoo cha mkononi, na jambo hilo lina maana hapa: njia aliyoichagua ya kulainisha wastani inahitaji ukumbuke namba mbili tu za jana, si orodha nzima ya bei za nyuma.

Andaa hivi kwanza

- Bei za kufunga zilizofuatana bila kuruka siku. Bei 15 zinatosha kupata RSI ya kwanza, lakini ukitaka ilingane na ya chati, tafuta 150 au zaidi.
- Excel, au jedwali lolote la hesabu. Kwa mfano wa hapa chini, kikokotoo cha simu kinatosha.
- Chati yenye RSI ya kulinganishia. Hakikisha kipindi ni 14, bei inayotumika ni ya kufunga, na muda wa mshumaa, yaani kipindi kinachoonyeshwa na mchoro mmoja wa bei kwenye chati, ni uleule wa bei zako. RSI ya mishumaa ya saa moja na ya mishumaa ya siku ni vitu viwili tofauti.

Bei za mfano wetu nimezitunga ili hesabu itoke safi. Ni za hisa moja, kwa shilingi, kuanzia siku ya 0 hadi ya 14:

200, 204, 203, 207, 210, 208, 212, 215, 214, 218, 216, 220, 223, 222, 228

Hesabu, hatua kwa hatua

1. Tafuta badiliko la kila siku. Toa bei ya jana kwenye bei ya leo. Bei 15 zinakupa mabadiliko 14: +4, −1, +4, +3, −2, +4, +3, −1, +4, −2, +4, +3, −1, +6. Hapa ndipo wengi wanapoteleza kwa mara ya kwanza: wanachukua bei 14, wanapata mabadiliko 13, kisha wanagawanya kwa 14.

2. Tenganisha kupanda na kushuka. Fungua safu mbili. Bei ikipanda, andika kiasi kwenye safu ya kupanda na uweke sifuri kwenye safu ya kushuka. Ikishuka, fanya kinyume chake, na kushuka kuandikwe bila alama ya kutoa. Siku ambayo bei haikusogea, weka sifuri pande zote mbili. Sifuri hizo ni sehemu ya hesabu, usiziache wazi, kwa sababu Excel inapokokotoa wastani huruka chumba kitupu lakini huhesabu chumba chenye sifuri. Chumba kimoja kitupu kinatosha kuharibu kila kinachofuata.

3. Pata wastani wa kwanza. Jumlisha kupanda kote: 4+4+3+4+3+4+4+3+6 = 35. Jumlisha kushuka kote: 1+2+1+2+1 = 7. Gawanya kila jumla kwa 14. Wastani wa kupanda ni 2.5, wastani wa kushuka ni 0.5.

Angalia vizuri: siku za kupanda zilikuwa 9 tu, lakini tunagawanya kwa 14. Kushuka pia tunagawanya kwa 14, si kwa 5. Ukigawanya kwa idadi ya siku zilizopanda na zilizoshuka, utakuwa unapima ukubwa wa hatua moja, na hicho si RSI.

4. Ingiza kwenye kanuni.

```
RS  = wastani wa kupanda / wastani wa kushuka
RSI = 100 - 100 / (1 + RS)
```

RS yetu ni 2.5 ÷ 0.5 = 5. RSI ni 100 − 100/6 = 83.33.

Kanuni hiyohiyo inaandikika kwa namna nyingine, na mimi naipenda zaidi hii kwa sababu inasema ukweli wake waziwazi:

```
RSI = 100 * kupanda / (kupanda + kushuka)
```

Kwa maneno ya kawaida: katika kila shilingi 100 ambazo bei ilitembea, huku na huko, ni shilingi ngapi zilikuwa za kupanda? Hapa ni 83. RSI ikiwa 70, maana yake ni 70 za kupanda kwa 30 za kushuka. Namba hiyo haisemi kwamba bei ni ghali au imechoka, wala kwamba wanunuzi wamekwisha. Inaeleza mgawanyo wa mwendo uliokwisha kupita, basi. Shika hili, tutalirudia.

5. Kuanzia siku ya 15, lainisha. Hapa usirudi kujumlisha siku 14 upya. Chukua wastani wa jana, zidisha kwa 13, ongeza kiasi cha leo, gawanya kwa 14. Fanya hivyo kwa kupanda na kwa kushuka, kila siku, hata upande ambao leo una sifuri.

Siku ya 15 bei inafunga 226, imeshuka 2:

- kupanda: (2.5 × 13 + 0) ÷ 14 = 2.3214
- kushuka: (0.5 × 13 + 2) ÷ 14 = 0.6071
- RSI: 79.27

Siku ya 16 inafunga 229, imepanda 3:

- kupanda: (2.3214 × 13 + 3) ÷ 14 = 2.3699
- kushuka: (0.6071 × 13 + 0) ÷ 14 = 0.5638
- RSI: 80.78

Siku ya 17 inafunga palepale 229. Kupanda kunakuwa 2.2006, kushuka 0.5235, na RSI inabaki 80.78 ileile. Hii si bahati. Siku ambayo bei haikusogea, wastani zote mbili hupungua kwa uwiano mmoja, kwa hiyo mgawanyo haubadiliki. Vilevile, bei ikifunga juu ya jana RSI lazima ipande, isipokuwa kama tayari iko 100. Ikifunga chini, lazima ishuke, isipokuwa kama tayari iko 0. Ukiona RSI inakwenda kinyume na bei ya kufunga ya siku hiyo, ujue hesabu yako si ya Wilder.

6. Ihamishie kwenye Excel. Bei iko safu ya B, siku ya 0 iko mstari wa 2. Siku ya 14 inaangukia mstari wa 16.

```
C3:  =B3-B2
D3:  =MAX(C3,0)
E3:  =MAX(-C3,0)
F16: =AVERAGE(D3:D16)
G16: =AVERAGE(E3:E16)
F17: =(F16*13+D17)/14
G17: =(G16*13+E17)/14
H16: =IF(F16+G16=0,50,100*F16/(F16+G16))
```

Buruta C, D na E kuanzia mstari wa 3, F na G kuanzia mstari wa 17, na H kuanzia mstari wa 16. Kosa la kawaida ni kuburuta F16 badala ya F17. Jedwali litaendelea kutoa namba, tena zinazoelekea kuaminika, kumbe ni wastani wa kawaida unaosogea. Kama Excel yako inakataa alama ya mkato ndani ya fomula, jaribu nukta mkato. Inategemea mipangilio ya lugha ya kompyuta.

Anayetumia Python na pandas, mistari hii inatosha:

```python
d = bei.diff()
kupanda = d.clip(lower=0).ewm(alpha=1/14, adjust=False).mean()
kushuka = (-d).clip(lower=0).ewm(alpha=1/14, adjust=False).mean()
rsi = 100 * kupanda / (kupanda + kushuka)
```

Hii inaanza na badiliko la kwanza badala ya wastani wa siku 14, kwa hiyo namba za mwanzo zitatofautiana na za Excel. Usizitumie mpaka mishumaa 100 hivi ipite.

Ulainishaji ndio unaokuchanganya

Watu hukokotoa RSI ya kipindi 14 kwa njia tatu, na zote wanaziita RSI. Tuzijaribu kwenye siku yetu ya 15, bei zilezile, kushuka kulekule kwa shilingi 2.

Njia ya Wilder imetupa 79.27. Ukitumia wastani wa kawaida wa siku 14 za mwisho, unaitupa siku ya 1 iliyokuwa na +4 na kuingiza ya leo. Kupanda kunakuwa 31, kushuka 9, na RSI ni 77.50. Ukitumia wastani wa kieksponenti wa kipindi 14, ambao uzito wa siku ya leo ni 2/15 badala ya 1/14, unapata 75.58. Tofauti ni karibu pointi 4 kwa siku moja, na hakuna aliyekosea kujumlisha. Kila mmoja amepima kwa kipimo chake.

Wastani wa kawaida una ubaya mwingine unaoonekana siku ya 17. Bei haikusogea hata senti moja, lakini njia hiyo inaishusha RSI kutoka 80.95 hadi 78.95, kwa sababu tu siku ya 3 yenye +4 imetoka dirishani. Mtu anakaa mbele ya chati akitafuta nani anauza, kumbe kilichotokea ni siku ya wiki tatu zilizopita kufutwa kwenye orodha. Katika njia ya Wilder hakuna siku inayofutwa ghafla. Kila siku inafifia kidogo kidogo.

Inafifia kwa kasi gani? Kila siku kilichokuwepo kinabaki 13/14. Baada ya mishumaa 14 bado kimebaki 35% hivi, kwa hiyo ile 14 ya kwenye mipangilio haina maana ya "siku 14 za mwisho tu". Baada ya mishumaa 50 kinabaki 2.5%, na baada ya 100 kinabaki chini ya 0.1%. Ndiyo maana nimesema utafute bei 150: mwanzo wako wowote ule, kufikia hapo umekwisha kufifia, na namba yako italingana na ya programu za chati za TradingView au MetaTrader, ambazo zote mbili hutumia ulainishaji wa Wilder.

Kwa wanaoandika programu: wastani wa Wilder wa 14 ni sawasawa na wastani wa kieksponenti wa kipindi 27. Ukiandika `span=14` badala ya `alpha=1/14` umetengeneza RSI yenye kasi karibu mara mbili. Itavuka 70 na 30 mara nyingi zaidi, na mfumo uliojengwa juu yake utakuwa unafuata mistari ambayo watazamaji wa chati za kawaida hawaioni.

Kuvuka 70 maana yake nini basi

Jina la hali hiyo ndilo linalopotosha. "Imenunuliwa kupita kiasi" inasikika kama kauli kuhusu kitakachofuata, kama chungu kilichojaa kinachokaribia kumwagika. Lakini umeona kanuni. Hakuna mahali ndani yake palipo na thamani ya kampuni, idadi ya wauzaji wanaongoja, wala kikomo cha bei.

Chukua soko linalopanda shilingi 4, likapanda tena 4, kisha likashuka 2, na likaendelea hivyohivyo. Kila siku tatu linaongeza shilingi 6. Ukiingiza mwendo huo kwenye jedwali lako na kuuacha uzoee, RSI itakuwa ikicheza kati ya 78 na 82. Haitashuka chini ya 70 hata siku moja. Tuseme uliuza bei ilipokuwa 200 kwa sababu RSI ilikuwa 80. Baada ya siku 60 bei ni 320, na RSI bado ni 80. Indiketa haikuharibika, ilikuwa ikikuambia kila siku kwamba katika shilingi 10 za mwendo, 8 ni za kupanda, na ilikuwa kweli kila siku.

Masokoni hali hii ipo. Bitcoin ilivuka dola 20,000 kwa mara ya kwanza tarehe 16 Desemba 2020, na RSI ya siku ilikuwa juu ya 70. Tarehe 8 Januari 2021 ilikuwa imevuka dola 40,000. Ikaporomoka vibaya, na tarehe 11 Januari ikagusa karibu dola 30,000. Aliyefungua Desemba dili la kuuza, lile linalofaidi bei ikishuka, akisubiri anguko alilipata anguko lenyewe, tena kubwa, na hata kwenye sakafu yake bado alikuwa na hasara ya nusu ya bei aliyouzia.

Kuna upande wa pili usiozungumzwa sana: RSI ya juu pasipo mwendo wowote. Tuseme hisa ilikuwa imetulia, wastani wa kupanda na wa kushuka ni 0.5 kila mmoja, RSI 50. Ghafla inatangazwa habari na bei inaruka shilingi 40 kwa siku moja. RSI inakwenda 87.7. Kisha hisa inatulia tena, nusu shilingi juu, nusu shilingi chini. Baada ya siku 14 za utulivu huo RSI bado iko karibu 80. Chati inakuonyesha soko lililonunuliwa kupita kiasi, wakati hakuna anayenunua kwa pupa tena. Kinachoonekana ni mwangwi wa siku moja unaofifia taratibu. Kwa hiyo ukiona RSI ya juu, jambo la kwanza ni kuangalia mishumaa iliyoizaa.

Cha kufanya RSI ikivuka 70

7. Amua kwanza unauliza swali gani. Kuuza ulichonacho ili uchukue faida, na kufungua dili jipya la kuuza ukitegemea bei ishuke, ni maamuzi mawili. Ukichukua faida mapema, hasara yako kubwa ni faida uliyoikosa. Ukiuza dhidi ya mwendo kama ule wa 4, 4, −2, hasara haina dari. RSI juu ya 70 peke yake haitoshi kwa dili la namna ya pili.

8. Tazama mwelekeo kwa kitu kisicho RSI. Weka wastani wa bei wa siku 200, au soma vilele na mabonde ya bei kwa macho. Kama kila bonde liko juu ya lililopita, soko linapanda, na kuvuka 70 ni tabia yake ya kawaida. Katika soko la namna hiyo RSI huwa inashuka hadi kati ya 40 na 50 wakati wa mapumziko, kisha inarudi juu, na 30 inaweza isionekane kwa miezi. Katika soko linaloshuka ni kinyume: RSI inapanda hadi 60 hivi na kukataliwa hapo. Ni tabia, si sheria, lakini inakupa kitu cha kupima. RSI ikitoka 80 ikasimama 45 na bei ikaanza kupanda tena, soko limepumzika tu. Ikipita 40 kwenda chini na kisha ikashindwa kuvuka 60, hapo ndipo tabia imebadilika.

9. Kokotoa bei itakayoishusha RSI hadi 70. Hatua hii hufanywa na wachache, na ndiyo inayonisaidia kuliko zote. Badala ya kungoja mstari uvuke, jua leo ni bei gani ya kufunga kesho itauvusha:

```
kushuka kunakohitajika = 13 * (wastani wa kupanda * 30/70 - wastani wa kushuka)
```

Kwa siku yetu ya 17: 13 × (2.2006 × 30/70 − 0.5235) = 5.46. Kwa hiyo hisa iliyo 229 ikifunga 223.54, RSI itakuwa 70 kamili. Kwenye Excel, mstari wa 19:

```
=B19-13*(F19*30/70-G19)
```

Sasa rudi kwenye chati uangalie 223.54 iko wapi. Siku ya 14 bei ilifunga 228, siku ya 15 ikafunga 226, na 226 ndilo bonde la mwisho. Maana yake bei itakuwa imevunja bonde lake la mwisho kabla RSI haijavuka 70 kwenda chini na kukupa ile "ishara ya kuuza" maarufu. Ningetazama kufunga chini ya 226, si kungoja mstari. Mara nyingine utakuta kinyume: bei inayohitajika iko juu ya bonde, na hapo RSI itavuka 70 huku kwenye bei hakuna kilichovunjika.

10. Ngoja RSI ishindwe kurudi. Wilder mwenyewe aliupa uzito muundo wenye sehemu nne kuliko kuvuka mstari tu. RSI inapanda juu ya 70, tuseme 82. Inashuka hadi 68. Inapanda tena lakini inaishia 76, haifiki 82. Kisha inashuka na kuvunja ile 68. Kuvunja huko ndiko ishara, si 82 wala 76. Makosa hapa ni kuruka sehemu ya mwisho: mtu anaona kilele cha pili kimekuwa kifupi, anauza palepale. Vilele vifupi vya RSI vinaweza kufuatana vitatu au vinne huku bei ikiendelea kupanda, kwa sababu kilele kifupi kinahitaji tu kushuka kuongezeke kidogo kuliko mwanzo.

11. Weka kikomo cha hasara kwenye bei. Usiandike "nitatoka RSI ikirudi 80". RSI haina uhusiano wa kudumu na bei. Unaweza kuwa umepoteza 60% kwenye namba ileile, kama mfano wa siku 60 ulivyoonyesha. Kikomo kiwe bei, juu ya kilele ambacho ukikiona kimevukwa utakubali ulikosea.

Ikigoma

*Namba yangu inatofautiana na chati kwa pointi 2 au 3.* Hesabu mishumaa yako. Ikiwa chini ya 100, ongeza bei za nyuma kabla ya kitu kingine chochote. Kama zinatosha, angalia F17 kama ina 13 na 14, kisha angalia saa ya kufunga siku: mabroka wa fedha za kigeni hawafungi mshumaa wa siku kwa wakati mmoja, hivyo bei za kufunga zenyewe hutofautiana.

*Excel inatoa kosa la kugawanya kwa sifuri.* Umetumia kanuni ya RS na wastani wa kushuka ni sifuri. Kama kuna kupanda na hakuna kushuka, RSI ni 100. Kanuni ya pili, ile ya H16, inalimaliza hili yenyewe.

*RSI haisogei siku nyingi.* Hili ni la kawaida kwa hisa zisizouzwa mara kwa mara, na kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam utalikuta sana: bei inafunga palepale siku baada ya siku. Kama ulivyoona siku ya 17, RSI inabaki ilipo. Hisa inaweza kukaa na RSI 75 mwezi mzima bila mtu kuinunua. Wakati huohuo wastani zote mbili zinazidi kuwa ndogo, kwa hiyo badiliko dogo la kwanza litairusha RSI mbali. Kwa hisa za namna hii tumia mishumaa ya wiki, na uangalie idadi ya hisa zilizouzwa kabla ya kuisoma RSI.

*RSI imeanguka ghafla bila habari mbaya.* Angalia kama hisa iligawanywa au imeanza kuuzwa bila haki ya gawio. Hisa ya 400 ikigawanywa moja kwa mbili inafunga 200, na jedwali lako linasoma kushuka kwa 200. Rekebisha bei zote za kabla ya siku hiyo kwa kuzigawa kwa 2, kisha kokotoa upya tangu mwanzo. Ukirekebisha siku moja tu, sumu itabaki kwenye wastani kwa wiki nyingi.

*RSI inavuka 70 kisha inarudi kabla mshumaa haujafunga.* Mshumaa ulio wazi unatumia bei ya sasa kama ya kufunga, kwa hiyo RSI yake inabadilika kila bei inaposogea. Soma ya mshumaa uliofungwa. Kwenye jedwali lako, hakikisha mstari wa mwisho ni wa siku iliyokwisha.

*Nimebadilisha kipindi kuwa 7 na sasa ishara zimejaa.* Kipindi kifupi kinatoa uzito wa 1/7 kwa mshumaa wa leo, mara mbili ya ule wa 14, hivyo siku mbili tatu za kupanda zinatosha kuvuka 70. Ukitaka kubaki na 7, sogeza mistari iwe 80 na 20, na kwenye kanuni ya hatua ya 9 badilisha 13 iwe 6 na 30/70 iwe 20/80.

*Kwa 30 je?* Kila kitu kinageuka kichwa chini. Soko linaloshuka 4, likashuka tena 4, kisha likapanda 2 litakaa na RSI kati ya 18 na 22 hadi mwendo huo uvunjike, na anayenunua kwa sababu tu "imeuzwa kupita kiasi" atanunua kila siku tatu kwa bei ya chini zaidi. Bei itakayoipandisha RSI hadi 30 unaipata kwa kuongeza, si kutoa:

```
kupanda kunakohitajika = 13 * (wastani wa kushuka * 30/70 - wastani wa kupanda)
```